Foto ndogo kwa macho, nzito kwa mega

Wandugu, mimi nilisoma kilimo, sikusoma informatiki. Lakini yaya yangu anauza miche ya maparachichi na ya kahawa hapa Bukavu, na ni mimi nilimtengenezea saiti yenye foto 12. Mwezi wa 9 mvua ikarudi, msimu A ukaanza, na huo ndio wakati watu wanapanda. Oda hazikuja. Kliyenti mmoja akaandika: “Saiti yenu haifunguke, inakula tu mega zangu.” Yaya akafungua kwenye telefone yake, foto zote zikatokea mara moja. Akasema: “Huyo anadanganya.”

Kumbe hakudanganya. Telefone ya yaya ilikuwa imezihifadhi zile foto tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haikuwa inazivuta tena. Kliyenti anayeingia mara ya kwanza anazivuta zote. Ndiyo maana mwenye saiti ndiye wa mwisho kujua kwamba inatambaa.

Kosa lilikuwa langu. Nilipiga foto kwa telefone, nikaziweka jinsi zilivyo: vidoti 4000 kwa 3000. Kisha nikaandika kwenye kodi kwamba kila foto ionekane na upana wa 328, nikadhani nimeipunguza. Hapana. Ule upana unaiambia telefone ichore foto ndogo, lakini faili inayosafiri ni ileile nzima. Ni kama kununua gunia zima la maharagwe ili upike kikombe kimoja.

Ili kuziona foto nzito, chukua mashini, fungua saiti yako kwenye Chrome, bonyeza F12, uende kwenye `Network`. Weka alama kwenye `Disable cache`, ili mashini isitumie foto ilizohifadhi. Chagua `Img`, kisha pakia ukurasa upya na ushuke mpaka chini kabisa, juu saiti zingine hazivute foto ya chini mpaka uifikie. Sasa bonyeza kichwa cha safu ya `Size` mpaka kubwa ije juu. Fanya hivyo mara moja tu ukiwa kwenye mega zako, kwani kila mara unalipa uzito wote.

Kwetu, ya kwanza ilikuwa na megabaiti 4.1, na zote pamoja 38. Tupige hesabu. Mwendo wa interneti unahesabiwa kwa megabiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo 38 inakuwa megabiti 304. Kliyenti mwenye mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde anangoja sekunde 152, yaani dakika 2 na nusu. Nani atangoja hivyo kwa ajili ya mche wa parachichi?

Uzito peke yake hautoshi kukuambia kosa liko wapi. Bonyeza Ctrl+Shift+M ili ukurasa uonekane kwa upana wa telefone, upakie upya, kisha uandike hii kwenye `Console`:

```js
[...document.images].forEach(i =>
  console.log(i.naturalWidth, i.clientWidth, i.currentSrc))
```

Namba ya kwanza ni upana wa faili, ya pili ni upana unaoonekana. Sisi tulipata 4000 na 328. Telefone nyingi zinatumia vidoti 2 au 3 vya kioo kwa kila kidoti kimoja cha ukurasa, kwa hiyo zidisha ya pili mara 3: inatoka 984. Faili ikizidi hapo sana, ziada hiyo haionekane na mtu yeyote, lakini inalipwa. Angalia pia: foto iliyowekwa kama mandharinyuma ndani ya CSS haitokee hapa. Hiyo utaiona kwenye `Network` tu.

Nilizipitisha foto moja moja kwenye squoosh.app: `Resize` upana 1080, MozJPEG, ubora 75. Vidoti vikapungua karibu mara 14, na kila foto ikashuka hadi kilobaiti kama 150. Zote pamoja megabaiti 1.8, yaani sekunde 7 kwa kliyenti yuleyule. Moja tu iliharibika: foto ya karatasi ya bei, maandishi yakawa na ukungu. Hiyo nikaitoa, nikaandika bei kwa herufi kwenye ukurasa, na herufi hazina uzito wa kutajwa.

Nikamwomba yule kliyenti ajaribu tena. Akajibu: “Sasa naona miche. Ya kahawa ni bei gani?” Yaya akaniangalia, akanyamaza, akaanza kuhesabu miche.