Kwa Nini Jua na Mwezi Havipatwi Kila Mwezi

Kila baada ya siku 29 na nusu, mwezi hupita upande wa jua, siku moja au mbili kabla ya hilali kuandama. Wiki mbili baadaye huwa mpevu, nao uko upande wa pili wa dunia. Kwa hesabu hiyo, jua lingepaswa kupatwa kila mwezi mpya na mwezi upatwe kila unapokuwa mpevu. Haiwi hivyo, kwa sababu njia ya mwezi haikulala sawasawa na njia ya dunia kuzunguka jua. Imeinama kwa nyuzi 5 hivi.

Nyuzi 5 zaonekana kidogo, lakini mwezi uko mbali. Chukua chungwa lenye upana wa sentimita 8 liwe dunia, na gololi ya sentimita 2 iwe mwezi. Gololi hiyo itakaa mita 2.4 kutoka kwenye chungwa. Kwa umbali huo, mwinamo wa nyuzi 5 huipandisha au kuishusha hadi sentimita 21, ilhali chungwa lenyewe kutoka katikati hadi ganda ni sentimita 4 tu. Ndiyo maana miezi mingi kivuli cha mwezi hupita juu au chini ya dunia na kupotelea angani, na mwezi mpevu nao hupita kando ya kivuli cha dunia.

Njia hizo mbili hukatana mahali pawili. Mwezi ukiwa mpya au mpevu karibu na hapo, vyote vitatu hukaa kwenye mstari. Mstari wa makutano hayo huelekea jua mara moja kila siku 173, yaani karibu miezi sita, na kila mara nafasi ya kupatwa hudumu kama siku 35 tu. Huo ndio msimu wa kupatwa. Kwa kuwa ni mrefu kuliko siku 29 na nusu, haupiti bila jua kupatwa walau mara moja, ingawa pengine ni sehemu yake tu, tena kwa watu wa nchi za mbali.

Tarehe 1 Septemba 2016, watu waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, waliona jua limebaki pete. Tarehe 16, msimu ukiwa bado wazi, mwezi mpevu uligusa kivuli chepesi cha nje cha dunia, ukafifia kidogo tu. Mwezi mpya wa tarehe 1 Oktoba ulikuta msimu umefungwa, na kivuli kikaikosa dunia. Ikawa hivyo miezi mpya minne iliyofuata. Wa sita, tarehe 26 Februari 2017, ndio uliolifanya jua kuwa pete tena, safari hii kwa watu wa Angola na kusini mwa Kongo.