Maswali na Majibu: Kwa Nini Miezi Mitatu ya Kwanza Mtandaoni Hailipi, na Namna ya Kuendelea

Katika kata nyingi za Wilaya ya Moshi, kuanzia Kibosho hadi Marangu, vijana na akina mama wanazidi kufungua chaneli za YouTube. Wapo wanaoonyesha mapishi ya mtori, wapo wanaofundisha kilimo cha mgomba na kahawa, na wapo wanaowaongoza wageni kwenye maporomoko ya maji. Wengi huacha kabla ya mwezi wa nne kwa sababu hawajaona hata shilingi. Makala hii inajibu maswali yanayoulizwa zaidi, kwa kutumia mfano wa kijana wa Kibosho anayeotesha miche ya parachichi. Hesabu zake ni za mfano, lakini masharti yanayoelezwa ni yale ya YouTube yenyewe.

Swali: Chaneli mpya huanza kulipwa lini?

Jibu: Chaneli hailipwi matangazo tangu siku ya kwanza. Ili kupata mgawo wa matangazo, inatakiwa kwanza iwe na wafuasi 1,000 waliojiandikisha, na video zake ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa 4,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Ipo njia nyingine kwa wanaotegemea video fupi, nayo inadai watazamo milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotazamwa kwenye mkondo wa video fupi hazihesabiwi katika zile 4,000, na jambo hili huwashangaza wengi.

Chaneli ikitimiza masharti huomba kuingizwa katika mpango wa malipo. Ombi hupitiwa, na kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo mtu asiyepata kitu katika miezi mitatu ya kwanza hajashindwa. Bado yuko nje ya mlango wa malipo, kama walivyo karibu wote wanaoanza.

Swali: Saa 4,000 ni nyingi kiasi gani?

Jibu: Ni dakika 240,000. Kijana wetu wa mfano anatoa video mbili kila wiki, kila moja ya dakika 8. Baada ya wiki 12 ana video 24. Chaneli yake haijulikani, hivyo kila video imepata watazamaji 60 tu, na kwa wastani kila mmoja ametazama dakika 4 kisha akaondoka. Jumla ni dakika 5,760, yaani saa 96. Kwa mwendo huo asingefika kamwe, kwa kuwa saa huhesabiwa za miezi 12 iliyopita tu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa wanadhani miezi ijayo itafanana na iliyopita. Hesabu hiyo inasahau jambo moja. Video haiishi kama gazeti la jana, hubaki pale pale ikisubiri mtu mwenye shida. Mkulima wa Njombe au wa Rungwe anayetaka kujua namna ya kubebesha mche wa parachichi ataandika swali lake leo, mwingine kesho, na mwingine mwakani. Tuseme video moja ya kubebesha imeanza kutokea katika majibu ya utafutaji na inapata watazamaji 20 tu kwa siku, kila mmoja akitazama dakika 4. Kwa mwaka mzima video hiyo peke yake huleta takriban saa 487. Video tisa za namna hiyo zinavuka saa 4,000.

Kwa maneno mengine, kijana huyu hahitaji video mia zinazotazamwa wiki moja na kusahaulika. Anahitaji video chache zinazotafutwa kila siku. Miezi mitatu ya kwanza ni muda wa kugundua ni zipi.

Swali: Atazitambuaje video hizo wakati bado watazamaji ni wachache?

Jibu: Afungue programu ya YouTube Studio kwenye simu, kisha aangalie mambo mawili kwa kila video badala ya kutazama idadi ya watazamaji tu.

La kwanza ni chanzo cha watazamaji. Ikiwa karibu wote wametoka katika makundi ya WhatsApp ya ndugu na marafiki, video hiyo haijapata soko lake, hata kama imetazamwa na watu 200. Ikiwa watu 15 tu wameipata kwa kutafuta wenyewe, na kila wiki wanaongezeka kidogo, hiyo ndiyo dalili njema. Programu huonyesha pia maneno waliyoyaandika walipokuwa wakitafuta. Maneno hayo yanafaa kuwa vichwa vya video zinazofuata.

La pili ni dakika ambayo watu wanaondoka. Mchoro ukionyesha kwamba nusu ya watazamaji wameondoka katika nusu dakika ya kwanza, mara nyingi sababu ni salamu ndefu na utangulizi usiohitajika. Mkulima aliyeuliza namna ya kubebesha anataka kuona kisu, kikonyo na mche mapema. Kijana wetu akiondoa utangulizi na kuanza na kazi yenyewe, wastani wa dakika 4 unaweza kupanda bila yeye kutoa video hata moja ya ziada.

Majira nayo yana uzito. Katika miteremko ya Kilimanjaro masika huanza Machi, na watu hutafuta habari za kuandaa mashimo na kuchagua miche kabla ya hapo. Video ya kupanda ikitolewa Mei imechelewa kwa msimu huo. Ikitolewa Januari inapata muda wa kutambuliwa kabla mvua hazijaanza.

Swali: Je, akifikisha masharti fedha huja papo hapo?

Jibu: Hapana, na ni vema hili lifahamike mapema. Kwa video ndefu, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video zake. Mapato hayo hukusanywa katika akaunti ya AdSense. Yakifika dola 10, barua yenye namba ya siri hutumwa kwa njia ya posta ili kuthibitisha anwani. Barua huweza kuchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, na namba hiyo inatakiwa kuingizwa ndani ya miezi minne, la sivyo matangazo husimamishwa.

Katika vijiji vyetu watu wengi hawana sanduku la posta la kwao. Anayetumia sanduku la shule, la parokia au la jamaa mjini Moshi aandike anwani hiyo kikamilifu, na amweleze mapema anayelifungua sanduku kwamba barua inakuja. Jina katika akaunti lifanane na lililo katika kitambulisho cha NIDA na katika akaunti ya benki.

Malipo hutolewa salio likifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Ikiwa chaneli inapata dola 1 kwa kila watazamo 1,000, basi dola 100 zinadai watazamo 100,000. Wengi watasubiri miezi kadhaa baada ya kukubaliwa ndipo wapokee malipo ya kwanza.

Swali: Sasa ataendeleaje miezi yote hiyo bila kipato?

Jibu: Kwa kutotegemea matangazo hayo kabisa katika mwaka wa kwanza. Kijana wetu ana miche. Kila video yake inaweza kumalizika kwa kuonyesha kitalu chake, aina za miche alizonazo, bei na namba ya simu ya biashara. Tuseme kati ya watazamo wake 1,440 wa miezi mitatu wamepatikana wakulima watatu tu, kila mmoja akanunua miche 10 kwa shilingi 4,000 mche. Hiyo ni shilingi 120,000, nayo haikusubiri wafuasi 1,000 wala barua ya posta. Mama anayepika anaweza kupokea oda za chakula cha sherehe, na anayeongoza wageni anaweza kupata wateja wa siku moja.

Jambo jingine ni kupunguza gharama. Video ya dakika 8 iliyorekodiwa kwa simu kwa ubora wa juu huweza kufikia gigabaiti 1, hivyo video 24 zinaweza kula bando la gigabaiti 24. Kurekodi kwa ubora wa 720p hupunguza mzigo huo sana, na kwa somo la shambani mtazamaji bado anaona vizuri. Akibaini kwamba video mbili kwa wiki zinamchosha au zinamaliza bando, ni heri atoe moja kwa wiki kwa mwaka mzima kuliko kutoa kumi kwa mwezi kisha akanyamaza. Akumbuke pia kwamba saa huhesabiwa kwa miezi 12 iliyopita, hivyo za zamani huendelea kudondoka.

Swali: Je, inafaa kukopa ili kununua kamera na kompyuta?

Jibu: Mkopo wa kikundi, ikiwemo mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, una ratiba ya marejesho. Mapato ya matangazo hayana ratiba hiyo. Kikundi kikipanga kurejesha mkopo kwa fedha za YouTube za miezi mitatu ya kwanza, kinajiandalia deni. Mkopo uelekezwe kwenye kitalu, jiko au mtaji unaouza leo, na chaneli itumike kuutangaza.

Swali: Ni makosa gani yanayoiua chaneli?

Jibu: La kwanza ni kununua wafuasi au kukubaliana na wengine mjiandikishe ninyi kwa ninyi. Hesabu za namna hiyo huondolewa, na watu hao hawatazami video, hivyo saa haziongezeki. La pili ni kupakia kazi za wengine. Ombi la malipo hukataliwa kwa sababu hiyo, na mwombaji husubiri siku 30 kabla ya kuomba tena. La tatu ni kumlipa mtu anayedai atafungua malipo haraka, kwani YouTube haitozi ada ya kuomba. Aidha, anayetaka kurusha habari na matukio aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni.

Swali: Ni lini mtu aamue kubadili mwelekeo?

Jibu: Baada ya miezi sita, ikiwa hakuna hata video moja inayopata watazamaji kwa njia ya utafutaji, na hakuna mteja aliyepiga simu kutokana nayo, basi somo lililochaguliwa halitafutwi au halijaelezwa kwa maneno ya watafutaji. Abadili somo, asibadili simu. Lakini ikiwa video mbili au tatu zinapanda polepole kila mwezi, kijana huyo yuko njiani. Anayetaka ushauri wa kuunganisha chaneli na biashara yake afike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na kwa masomo ya kilimo ahakiki maelezo yake na Afisa Ugani kabla ya kuyarekodi.