Ng'ombe "Mwenye Mimba": Hakikisha Kabla ya Kulipa

Wakazi wengi wa Mnazi Mmoja na Kariakoo hufanya shughuli zao mjini, huku wakifuga ng'ombe wawili watatu au mbuzi kadhaa huko Chanika, Kigamboni au Kibaha. Mfugaji wa namna hii hamwoni mnyama wake kila siku, hivyo hutegemea maneno ya muuzaji au ya kijana wa zizi. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kujua kama mnyama ameshika mimba, na lini apandishwe tena.

Dalili ya kwanza ni kutorudi kwa joto. Ng'ombe asiye na mimba huingia katika joto kila baada ya siku 21 hivi: hulia mara kwa mara, hutokwa na ute mwangavu, na husimama tulivu anapopandwa na wenzake. Asiporudia joto, tunaweza kutumaini kwamba ameshika, lakini huo si uthibitisho. Joto la ng'ombe wengine hupita usiku bila kuonekana. Wengine huwa dhaifu kwa njaa au maradhi ya kizazi wasiingie kabisa katika joto. Wala tumbo kubwa si uthibitisho, kwa maana huenda limejaa majani tu. Kiwele nacho huchelewa: kwa ng'ombe aliyekwisha kuzaa hujaa katika wiki za mwisho.

Kipimo cha kawaida kwa ng'ombe ni cha mkono. Daktari wa mifugo au mtaalamu wa uhimilishaji huvaa glavu ndefu, hupitisha mkono katika njia ya haja kubwa na kuupapasa mfuko wa uzazi ulio chini yake. Mimba ikiwepo, upande mmoja wa mfuko huwa umepanuka na kujaa maji. Mkono wenye uzoefu huweza kutambua mapema, lakini siku ya 60 ndiyo ya kutegemewa zaidi. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha mimba mapema zaidi, yapata siku ya 30.

Mbuzi hapimwi kwa njia hiyo, kwani ni mdogo mno. Yeye hupimwa kwa ultrasaundi juu ya ngozi ya tumbo, tangu yapata siku ya 30 hadi 45. Kipimo hiki kina faida nyingine: mbuzi huweza kupata mimba ya uongo, ambapo mfuko wa uzazi hujaa maji bila kitoto, tumbo likavimba na joto likakoma. Kwa macho tu huwezi kumtofautisha na mwenye mimba ya kweli, ambayo huchukua siku 150 hivi.

Tuchukue mfano wa ng'ombe aliyehimilishwa tarehe 1 Machi. Achunguzwe joto kwa makini siku chache kabla na baada ya tarehe 22 Machi, kisha tena karibu na tarehe 12 Aprili. Asiporudia, apimwe kwa mkono tarehe 30 Aprili. Akiwa na mimba, atazaa karibu na tarehe 6 Desemba, yaani baada ya siku 280 hivi, na akamuliwe hadi mapema Oktoba tu ili apumzike miezi miwili. Akiwa mtupu, joto lake linalofuata hutazamiwa karibu na tarehe 3 Mei. Akionekana akisimama kupandwa asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Bila kipimo, mwenye ng'ombe angemlisha hadi Desemba akingoja ndama asiyekuwepo.

Ng'ombe aliyezaa apewe angalau siku 60 kabla ya kupandishwa tena, ili kizazi kijirudie. Akirudia joto baada ya kupandishwa mara tatu, msimpandishe tena kabla daktari hajatafuta sababu.

Tunawaonya pia juu ya sindano ya kuleta joto. Aina inayotumika sana huharibu mimba iliyopo. Mnyama asichomwe kabla ya kupimwa, hata kama mwenyewe anaapa kwamba ni mtupu.

Kwa hiyo, ukiuziwa ng'ombe "mwenye mimba ya miezi mitatu", mwite mtaalamu unayemchagua wewe, aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, naye ampime mbele yako. Aandike alama ya mnyama, tarehe ya kupima na umri wa mimba. Muuzaji naye aandike katika hati ya mauzo kwamba anamuuza mnyama mwenye mimba. Akikataa mnyama asipimwe, mlipe bei ya ng'ombe mtupu au uondoke.