Mkanda Ndio Huamua Mota Ikae Wapi

Tuchukue mashine ya kusaga mahindi inayotakiwa kuzunguka mara 2,900 kwa dakika, huku mota ikizunguka mara 1,450. Mota itavaa puli kubwa mara mbili ya ile ya kinu: milimita 250 kwa 125. Hivi ni vipenyo vya kazi, vinavyopimwa pale nyuzi za ndani ya mkanda zinapopita. Ukingo wa nje wa puli umezidi kidogo.

Fremu inatupa nafasi ya kama milimita 620 kati ya shafti mbili. Urefu wa mkanda hupatikana hivi, C ikiwa umbali huo:

```
L = 2C + π(D + d)/2 + (D − d)²/(4C)
```

Jibu ni takriban milimita 1,835. Lakini mkanda haukatwi kama kitambaa. Dukani tunapata B70, na hapo ndipo wengi hupotea. Ile 70 ni inchi za mzunguko wa ndani, yaani milimita 1,778. Urefu wa kazi wa mkanda wa B huzidi huo kwa takriban milimita 40, kwa hiyo tunahesabu 1,818. Ukiisahau nyongeza hiyo, umbali wa shafti utapungua kwa karibu milimita 20. Utatoboa fremu, ufunge mkanda, kisha uone unaning'inia, unateleza na kunuka mpira unaoungua.

Kwa kuwa mkanda ndio usiobadilika, tunaigeuza hesabu ili itupe umbali. Katika FreeCAD naiweka kwenye lahajedwali, kila kisanduku kikiwa na jina lake:

```
baki   =Lmkanda - pi*(Dkubwa + Dndogo)/2
umbali =(baki + sqrt(baki^2 - 2*(Dkubwa - Dndogo)^2))/4
```

Umbali unatoka milimita 611.3. Kwenye mchoro nachora duara mbili za 250 na 125, na kipimo cha kati yao nakiandika `Spreadsheet.umbali`. Kisha nazigusisha kwa mistari miwili ya nje na kufuta matao yaliyobaki ndani. Mzunguko wa umbo lililobaki ukipimwa lazima usome karibu 1,818. Ukisoma vingine, mara nyingi kuna mahali nusu kipenyo kiliandikwa badala ya kipenyo.

Kipimo hiki kimoja ndicho kinachonifanya niipende kazi ya kuchora kabla ya kuchomelea. Duka likiwa na B72 tu, nabadilisha kisanduku kimoja na fremu nzima inajipanga upya.

Matundu ya mota yasiwe ya duara. Nayachora marefu kando ya mstari wa shafti. Kutoka 611, mota isogee kama milimita 30 kuelekea kinu ili mkanda uvalishwe bila kulazimishwa kwa bisibisi, na 45 kurudi nyuma, kwa sababu mkanda hurefuka ukifanya kazi. Mota ikisogea milimita moja, inameza takriban mbili za mkanda.