Wauzaji wawili, gharama mbili

Wauzaji wawili wanapogawana soko la bidhaa moja, kila mmoja huamua kiasi cha kuzalisha huku akikisia kiasi cha mwenzake, na bei huwekwa na jumla ya mizigo yao. Mfaransa Antoine Augustin Cournot alilichambua jambo hili mwaka 1838 kwa mfano wa wamiliki wawili wa chemchemi za maji ya madini. Alianza na chemchemi zisizo na gharama. Mambo hunoga zaidi gharama zinapotofautiana.

Tuseme bei ya kreti moja ni faranga 100 ukitoa idadi ya kreti zote zilizoletwa sokoni. Muuzaji A hutumia faranga 10 kwa kila kreti anayoongeza, na B hutumia 40. A akiongeza kreti, bei hushuka kidogo, na hasara hiyo huziangukia pia kreti zake nyingine zote. Kwa hiyo pato analoongeza si bei kamili, bali ni 100 − B − 2A. Huendelea kuzalisha mpaka pato hilo lilingane na gharama yake ya 10. Hapo hupatikana kanuni yake ya mwitikio, na ya B hupatikana kwa njia hiyohiyo:

A = (90 − B) / 2
B = (60 − A) / 2

Kila kanuni inasema kwamba mwenzako akileta kreti mbili zaidi, wewe punguza moja. A akiwa peke yake angeleta 45. B angejibu kwa 7.5, A angeshuka hadi 41.25, B angepanda kidogo, na hatua zingezidi kuwa ndogo hadi kutulia kwenye 40 na 10. Wauzaji halisi hawalazimiki kupokezana zamu hivyo. Msawazo ni pale tu ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili kiasi chake peke yake.

Kreti 50 huleta bei ya faranga 50. A hupata faida ya 1,600, B hupata 100. La kuzingatia ni kwamba B, ingawa gharama yake ni mara nne, bado yumo sokoni. A angeweza kumfukuza kwa kumwaga kreti 60, lakini bei ingeanguka hadi 40 na kila kreti ya A ingepungukiwa faranga 10. Kinachomzuia A ni kwamba, B akishikilia kreti zake 10, kuzidisha kreti kupita 40 humpunguzia faida, na B huishi chini ya kivuli cha bei hiyo.

Gharama ya A ikishuka kwa faranga 3, A huongeza kreti mbili, B hupunguza moja, na mnunuzi hupunguziwa faranga moja tu. Gharama ya B ikipanda hadi 55, kiasi chake huwa sifuri, kwa kuwa 55 ndiyo bei ambayo A angeitoza akiwa peke yake.