Dar hadi Johannesburg kwa basi: siku za akiba ziwekwe wapi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Johannesburg kwa nchi kavu hupita nchi nne na mipaka mitatu: Tunduma, Chirundu na Beitbridge. Wengi huanza mipango kwa kuuliza nauli. Swali la kwanza lingefaa kuwa hili: ni kiungo gani cha safari kikikatika kitamsimamisha siku nzima?

Kwa njia hii, kiungo hicho kiko Nakonde, upande wa Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma. Kutoka hapo hadi Lusaka ni takribani kilomita elfu moja, na mwaka 2016 Zambia ilitoa kanuni iliyozuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri. Aliyevuka mpaka saa sita mchana akapanda basi la mchana hataiona Lusaka siku hiyo. Basi litaegeshwa njiani usiku ukiingia, na abiria watalala vitini.

Ndiyo maana ni afadhali kulala mpakani kwa hiari na kupanda basi la alfajiri. Hapo saa nazo zinataka umakini, kwa sababu Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tiketi iliyoandikwa 05:00 ni saa kumi na moja kwa saa za Zambia, wakati simu ambayo bado inafuata saa za Tanzania itaonyesha saa kumi na mbili. Anayevuka kwenda Zambia huipata saa hiyo bure. Anayerudi ndiye huachwa na basi la kwenda Mbeya.

Tuseme mtu ana shughuli Johannesburg Jumatatu. Anaondoka Dar Jumatatu ya wiki iliyotangulia na kulala Mbeya. Jumanne anakwenda Tunduma, umbali wa kilomita mia moja na kidogo, anagonga mihuri yote miwili katika kituo cha pamoja cha mpakani, kisha anakata tiketi ya kesho yake na kulala Nakonde. Jumatano usiku yuko Lusaka. Alhamisi haina safari. Ijumaa anapanda basi la Johannesburg, lenye mipaka miwili mbele yake, na anatarajia kufika Jumamosi. Jumapili nayo imebaki wazi.

Alhamisi hiyo ndiyo roho ya mpango mzima. Watu hupenda kurundika siku za akiba mwishoni, lakini siku iliyo mwishoni haimsaidii aliyekwisha kulipia basi la Lusaka na kulikosa. Akiba huwekwa kabla ya tiketi iliyolipiwa. Desemba inafaa kuongeza nyingine kabla ya shughuli yenyewe, maana Beitbridge hufurika watu wanaokwenda na kurudi sikukuu, na basi zima husubiri mizigo ya abiria wote ikaguliwe.

Anayetaka treni ya TAZARA, inayokwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ahesabu akiba kubwa zaidi. Haisafiri kila siku, huchelewa, na huduma yake imewahi kusimamishwa. Aulize stesheni kwanza, ndipo apange mengine.

Mwenye pasipoti ya Tanzania hahitaji viza kwa ziara fupi katika nchi hizi tatu. Hata hivyo Afrika Kusini hutaka kurasa mbili tupu kwenye pasipoti, na afisa anaweza kuuliza fedha za kujikimu na tiketi ya kurudi. Kama cheti cha homa ya manjano kinahitajika, chanjo ya mara ya kwanza huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa siku ya kuondoka ni kuchelewa.

Hesabu ya viza hubadilika akiwepo mwenzake mwenye pasipoti ya Ulaya. Huyo ahesabu mara atakazoingia, asihesabu nchi. Akienda na kurudi kwa basi hilohilo ataingia Zimbabwe mara mbili, na viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi Beitbridge wakati wa kwenda. Viza ya pamoja ya KAZA, dola 50 kwa siku 30, huruhusu kuvuka mara nyingi kati ya Zambia na Zimbabwe, lakini hukoma mtu akishaingia Afrika Kusini. Inamfaa anayeishia Maporomoko ya Victoria.

Fedha za ada zibebwe kwa dola safi, noti ndogondogo, kwani chenji mpakani ni adimu. Kwa wabadilishaji wa barabarani Nakonde, kila noti ya kwacha itazamwe kabla ya kukabidhi shilingi: Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye fedha yake mwaka 2013, na noti ya zamani ya maelfu hainunui hata chai.