Hereni ya Ng'ombe na Simu ya Mapema

Chukua mfugaji wa Kiambu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyethaminiwa na daktari wa mifugo kwa shilingi 100,000. Kwa kiwango cha asilimia 4, bima yake ni shilingi 4,000 kwa mwaka. Kwa kawaida hulipia kifo cha ugonjwa, ajali, radi au matatizo ya kuzaa, pamoja na kuchinja kwa dharura daktari akiagiza kwa maandishi. Aliyekufa kwa njaa au kwa kunyimwa chanjo halipiwi.

Madai mengi huponzwa na hereni. Namba iliyo sikioni lazima ilingane na ya mkataba, la sivyo hakuna ushahidi kwamba mzoga ni wa ng'ombe yuleyule. Ikidondoka, iarifu kampuni na ubandikiwe nyingine ng'ombe angali mzima.

Usingoje kifo ndipo upige simu. Mwite daktari na uiarifu kampuni mara dalili zinapoonekana. Akifa, toa taarifa siku hiyohiyo, maana mikataba mingi hutaka ndani ya saa 24. Mpige picha hereni ikionekana, na usimzike kabla daktari hajamkagua. Damu ikitoka puani bila kuganda, huenda ni kimeta: usimchune kamwe.